Neno moja na ngazi sita

Juma lililopita mama mmoja aliniuliza sababu gani siku hizi, nikipewa karatasi ya kutafsiri ya wageni, naanza kwa kutafuta mita ya fundi na si kamusi. Nilimwahidi nitajibu hapa. Jibu lenyewe linaanzia kwenye kosa langu, na sitalificha.

Miaka mitatu iliyopita tulipokea hapa Kabambare mkutano wa siku tatu wa vikundi vya wamama. Wageni walitoka Kasongo, Kindu, na upande wa Fizi. Mmoja alitoka mbali zaidi, Kigoma, kwa sababu jamaa yake walivuka ziwa wakati wa vita ya 1996 na hawakurudi wote. Kati ya wageni hao, watatu walikuwa na shida ya kutembea. Mmoja miguu yake ilikufa kwa polio akiwa mtoto, anatumia trisikle, ile baiskeli ya magurudumu matatu inayozungushwa kwa mikono. Mmoja anatembea na magongo mawili. Wa tatu ni mama mzee, magoti yamechoka tu.

Nyumba tuliyokodi kwa kuwalaza ilikuwa na fishi yake ya Kifaransa, inayoeleza vyumba, maji, umeme, na kwa chini sehemu ya wageni wenye shida ya kutembea. Kwa kuwa nilifundisha Kifaransa shuleni miaka mingi, nilipewa kazi ya kuiweka katika Kiswahili ili wageni wajue wanakuja wapi. Nilikaa nayo mezani jioni moja, taa ikiwaka, nikaimaliza kabla ya chakula. Sikutoka nje kwenda kuiona nyumba, na huko ni hatua mia tatu tu kutoka kwangu.

Fishi ilisema mambo mawili ambayo nayakumbuka vizuri sana. Kwanza, nyumba ni ya plenpie. Pili, mlango wa kuingilia una rampe. Mimi nikaandika hivi: nyumba haina ngazi, na mlango una njia ya mteremko. Nilijiona nimefanya kazi safi.

Mama wa trisikle alifika jioni, amechoka, vumbi mpaka kwenye kope. Tulimsukuma kutoka barabarani tukiimba. Tulipofika mbele ya nyumba wimbo ulikatika. Mbele yetu palikuwa na ngazi sita za simenti, na pembeni yake chuma kirefu cha kujishikia.

Hicho chuma ndicho rampe.

Yeye hakusema kitu. Alitoa karatasi yangu kwenye kikapu, akaisoma tena, akatazama ngazi, akaikunja. Vijana wawili walimbeba juu, mmoja mabegani na mmoja miguuni, watu wa jirani wakitazama. Alipowekwa kwenye kiti barazani alisema kwa sauti ndogo, “Leo nimepanda kama gunia la mpunga.” Sisi watu wa huku tunajua gunia la mpunga linavyopandishwa kwenye gari. Hakuna aliyecheka.

Lakini jambo lililoniuma zaidi lilikuja kesho yake. Asubuhi tulileta chai, akakataa. Saa sita tulileta ugali na samaki, akala kidogo sana na maji hakugusa. Wamama walianza kunung'unika kwamba mgeni anatudharau, hataki chakula cha Kabambare. Nikamfuata barazani nikamuuliza, “Yaya, tumekukosea nini?” Akaniambia, “Hamjanikosea kwa chakula. Choo kiko nyuma, chini ya zile ngazi. Kila nikinywa kikombe kimoja, lazima niite vijana wawili wanibebe. Basi sinywi.”

Mwanamke mzima, mama wa watoto, alikuwa anajinyima maji katika joto lile kwa sababu ya neno moja nililoandika mimi. Tangu siku hiyo najua kwamba fishi ya namna hii si maneno tu. Mtu anapanga mwili wake kwa kuifuata. Anaamua aje au asije, aje na nani, alete kifaa gani, anywe au asinywe.

Sasa nieleze kosa lenyewe, kwa sababu wengi wanalifanya. Katika Kifaransa neno rampe lina maana mbili. Linaweza kuwa njia iliyolala kama mgongo wa kilima kidogo, ambayo kigari cha mgonjwa kinaipanda. Na linaweza kuwa kile chuma au ubao wa kujishikia pembeni ya ngazi. Maana hizi mbili ni kama maadui: penye ile ya kwanza, ngazi hazihitajiki, ile ya pili haiwezi kuwepo bila ngazi. Aliyeandika fishi hakusema uongo. Mlango wake ulikuwa na rampe kweli. Mimi ndiye niliyechagua maana bila kwenda kuona.

Plenpie nayo ilinidanganya vilevile. Ukisema nyumba ni ya plenpie, Mfaransa anaelewa kwamba haina ghorofa, vyumba vyote viko kwenye sakafu moja. Haimaanishi kwamba ile sakafu iko sawa na ardhi ya nje. Nyumba nyingi za zamani huku kwetu zimejengwa juu ya msingi mrefu kwa kuogopa maji ya mvua na mchwa. Ndani ni sawasawa kama meza, lakini kufika ndani ni kupanda. Lakini ukisikia dushi ya plenpie, hapo ndipo maana inakuwa ile niliyoifikiri: sakafu ya mahali pa kuogea iko sawa na sakafu ya chumba, hakuna kidogo cha kuruka. Neno ni lile lile, jambo ni jingine.

Na Kiswahili chetu kina mitego yake. Niliandika “mteremko”. Mama mzee wa Kasongo alipofika aliniambia kwamba neno hilo lilimtisha. Alifikiri njia ya kwenda kwenye nyumba inashuka bondeni, na magoti yake yanaogopa kushuka kuliko kupanda. Niliandika pia “bafu ipo”. Mgeni wa Kigoma alielewa chumba cha kuogea chenye maji ya bomba. Mwingine alielewa beseni kubwa la kuogea. Kilichokuwepo ni kibanda nje, mawe chini na ndoo. Hata “ngazi” ni neno la kuangalia, kwa sababu kwa mtu mmoja ni zile za simenti na kwa mwingine ni ile ya mbao ya kuegemeza ukutani.

Mkutano ulipoisha nilirudi kwenye ile nyumba na mama mwenye nyumba, ambaye alikuwa amesikitika kama mimi, na fundi mmoja wa simenti wa kartie yetu. Mama wa trisikle alikuwa bado yupo, anangoja gari la kurudi. Tulimwomba atufundishe. Yale niliyojifunza asubuhi ile ndiyo ninayoyatumia mpaka leo.

Tulianza na ngazi za mbele. Kila moja ilikuwa na kimo cha sentimita 15, na ziko 6, basi sakafu iko sentimita 90 juu ya ardhi. Mama mwenye nyumba akasema, “Si tumwage simenti juu yake, tupate njia ya kupandia?” Fundi akatikisa kichwa. Kipimo kinachotumika sehemu nyingi duniani kwa njia ya kigari ni hiki: kila sentimita moja ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Vitabu vya Ufaransa ni vikali zaidi, vinataka sentimita 20. Tukichukua 12, sentimita 90 zinataka mita 10 na sentimita 80. Kutoka ngazi ya chini mpaka kwenye mfereji wa barabara tulipima mita 7 tu. Kwa mita 7, njia ingepanda karibu sentimita 13 kwa kila mita. Mtu wa trisikle akiipanda peke yake, gurudumu la mbele linaweza kunyanyuka akaanguka kinyume. Akiishuka, mikono haiwezi kuishika.

Yeye mwenyewe alisema neno ambalo sikulisahau: “Afadhali ngazi ambazo najua ni ngazi, kuliko njia mbaya inayojifanya nzuri. Kwenye ngazi nitaita mtu. Kwenye njia mbaya nitajiamini, kisha nitavunjika.”

Tukazunguka nyumba. Upande wa jikoni ardhi imeinuka, na kizingiti cha mlango wa jikoni kilikuwa sentimita 20 tu kutoka chini. Mara 12, ni mita 2 na sentimita 40. Hapo nafasi ilikuwepo ya kutosha. Majuma mawili baadaye fundi alijenga njia ya mita 2 na nusu, upana mita 1 na sentimita 20, na kando zake akainua ukingo mdogo ili gurudumu lisitoke. Kabla simenti haijakauka akaivuta kwa ufagio wa kijiti, mistari ya kukata njia, ili mvua ikinyesha isiwe na utelezi. Juu, mbele ya mlango, akaacha sehemu iliyo sawa ya mita moja na nusu. Bila sehemu hiyo, mtu anafika juu akiwa bado kwenye mlima, mkono mmoja umeshika breki, na mlango hana mkono wa kuufungulia.

Kama huna fundi, unaweza kupima njia iliyokwishajengwa kwa ubao wa mita moja na chupa ya maji. Weka ubao juu ya njia, ncha moja ikigusa sehemu ya juu. Inua ncha ya chini mpaka maji ndani ya chupa iliyolazwa juu ya ubao yatulie sawa. Kisha pima nafasi kati ya ncha iliyoinuliwa na simenti. Ikiwa sentimita 8 au chini, njia ni nzuri. Ikifika 10 au 12, mgeni anataka mtu wa kumsukuma, na fishi lazima iseme hivyo. Ikizidi hapo, usiiite njia ya kigari.

Kisha tukapima mlango wa jikoni: sentimita 78. Trisikle yake ilikuwa na upana wa sentimita 85. Basi haipiti. Viti vya magurudumu vya hospitali vina upana wa karibu sentimita 65, hivyo vinapita, ingawa vidole vya mwenye kukisukuma vinakwaruza. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba “mwenye shida ya kutembea” si mtu mmoja. Karatasi nyingi zinazotoka nje zinamfikiria mtu wa kiti cha magurudumu, kiti kinachoingia chumbani, kinachogeuka karibu na kitanda. Kwetu watu wengi wana trisikle. Wale wanamuziki wa Kinshasa wa kundi la Staff Benda Bilili walifanya dunia nzima iijue. Trisikle ni ndefu, ni ya barabarani, inabaki nje. Mwenyewe anashuka, na ndani ya nyumba anakwenda kwa mikono, mara nyingi amevaa kandambili viganjani. Kwa mtu huyo upana wa mlango wa chumba si shida. Shida yake ni sakafu yenye maji, kizingiti chenye ncha kali, na mahali pa kulaza trisikle usiku pasipoibiwa wala kunyeshewa.

Mwenye magongo naye ana hesabu yake. Anaweza ngazi tatu au nne kama kuna chuma cha kujishikia, lakini ataka kujua kiko upande gani, kwa sababu upande mmoja wa mwili wake una nguvu kuliko mwingine. Utelezi anauogopa kuliko ngazi. Na mama wa magoti anataka kujua kitu kimoja tu: nitakaa, au nitachuchumaa?

Hapo tunafika chooni, mahali ambapo fishi nyingi zinakuwa na haya. Ile ya kwetu ilisema choo ni “aksesible”. Nilikuwa nimeandika “choo kinafikika”. Ndiyo, kilifikika kwa mwenye miguu miwili. Lakini neno hilo halimwambii mgeni kitu chochote. Kinafikika na nani, na akifika atafanyaje? Tulipokwenda kukitazama tuliona choo cha shimo, cha kuchuchumaa, bamba lake limeinuliwa sentimita 20, mlango una upana wa sentimita 60 na unafunguka kwa ndani. Mwenye magongo akiingia, hawezi kuufunga nyuma yake, kwa sababu mlango unataka nafasi ile ile anayosimama. Kutoka chumbani mpaka pale ni hatua 25, na usiku hakuna taa.

Mama mwenye nyumba hakuwa na pesa ya kujenga choo kipya, na hatukumwomba. Tuligeuza mlango ufunguke kwa nje. Fundi wa mbao alitengeneza kiti imara chenye tundu katikati, kimo cha sentimita 45, cha kuweka juu ya shimo, chenye mikono miwili ya kujishikia wakati wa kuinuka. Mbele ya bamba tuliweka udongo na simenti mpaka ile sentimita 20 ikalala taratibu. Kibanda cha kuogea tuliondoa lile tofali la mlangoni lililokuwa la kuzuia maji, tukachimba kijia cha maji upande wa nyuma, tukaweka kiti kifupi ndani. Kazi hiyo ilichukua siku nne.

Baada ya hapo, neno la kuandika lilikuja lenyewe. Sikuandika tena “bafu ya plenpie”. Niliandika: mahali pa kuogea ni nje, hatua 20 kutoka chumba, mlangoni hakuna kizingiti, utaoga umekaa, maji ni ya ndoo, tutakuletea ya moto. Mama yeyote anayesoma anajiona yuko pale.

Na asansere? Mtacheka, kwa sababu Kabambare hatuna nyumba ya kutaka asansere. Lakini fishi ilikuwa na swali lake, “Asansere: ndiyo au hapana”, na jibu lilikuwa hapana. Nami niliandika, “Hakuna lifti”. Mama mzee wa Kasongo alikuwa karibu aache kuja. Alimtuma mjukuu wake apige simu: “Bibi anauliza hiyo nyumba yenu ina ghorofa ngapi, kama hakuna lifti?” Jibu la kweli kabisa lilimpa picha ya uongo. Ilinibidi niandike: nyumba haina ghorofa, kila chumba kiko chini. Tafsiri ya “hapana” wakati mwingine ni sentensi nzima.

Miezi michache baadaye, yule mama wa magongo aliitwa kwenye mkutano Kinshasa, akanitumia karatasi ya hoteli aliyopangiwa ili nimweleze. Safari hii karatasi ilisema asansere ipo, chumba kiko etaji ya kwanza. Sasa, kwa Kifaransa etaji ya kwanza si pale unapoingilia. Ni sakafu ya juu yake. Katika Kiswahili wapo wanaohesabu kuanzia chini. Kwa hiyo sikuandika “ghorofa ya kwanza” peke yake. Niliandika: chumba kiko juu, ghorofa moja kutoka pale unapoingilia.

Kisha nilimpigia simu mtu wa mapokezi na kumuuliza mambo manne. Je, kutoka barabarani mpaka kwenye mlango wa asansere kuna ngazi? Akasema ziko tatu tu. Hizo “tatu tu” hazikuwa kwenye karatasi. Je, mlango wa asansere una upana gani, na ndani mtu wa magongo anaweza kusimama na mwenzake? Akaenda kupima, akarudi: sentimita 80, na ndani wanaingia wanne. Je, umeme ukikatika, jenereta inawasha asansere, au taa peke yake? Kimya kirefu. Taa peke yake. Je, kuna chumba chini? Kipo, karibu na ofisi, bei ni ile ile. Tulimwekea hicho. Alilala chini siku zote nne, na aliponirudia aliniambia kwamba umeme ulikatika mara nyingi tu.

Siyalaumu makaratasi. Anayeyaandika hufikiria nyumba yake, na anajua njia ya jikoni bila kuambiwa. Lakini anayetafsiri hasimami mahali pa mwenye nyumba. Anasimama mahali pa mgeni ambaye bado hajafika. Ndiyo maana nikikuta neno ambalo naweza kulisoma kwa namna mbili, siendi mbele mpaka nimeona kwa macho, au nimempata mtu wa kuniambia kimo, upana na idadi.

Jambo jingine nililolikosa mwanzoni ni jina la mgeni mwenyewe. Karatasi za Kifaransa zinaandika herufi tatu, PMR, yaani mtu ambaye uwezo wake wa kutembea ni mdogo. Mara ya kwanza niliandika “mtu mwenye mwendo uliopunguzwa”. Mama wa trisikle alicheka mpaka machozi: “Nani aliyenipunguzia mwendo? Mimi nawapita ninyi wote kwenye barabara ya kushuka.” Tulikubaliana kuandika “mgeni mwenye shida ya kutembea au kupanda”. Neno “kupanda” aliliongeza mama wa magoti, ambaye anatembea vizuri kwenye uwanja na hajioni kuwa mlemavu, lakini ngazi sita zinamshinda.

Nimesikia mtu akisema hizi ni huruma tu. Si huruma tu. Nchi yetu iliingia mwaka 2015 katika Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu, na tarehe 3 mwezi wa tano 2022 ikatoka sheria ya msingi namba 22/003 ya kuwalinda na kuwainua watu hao. Mkataba huo unataja majengo na pia habari. Mimi nauelewa hivi: mtu ana haki ya kuingia, na ana haki ya kujua kabla kama ataingia. Sheria haijafika kwenye kila kizingiti cha Kabambare, lakini sehemu ya pili, ile ya kujua kabla, haihitaji simenti. Inahitaji kalamu ya mtu aliyetoka nje kupima.

Hii hapa fishi ya ile nyumba kama ilivyo leo, sehemu ya wageni wenye shida ya kutembea au kupanda. Vikundi vinavyopokea wageni vinaweza kuiga namna yake, vipimo viwe vyao:

“Nyumba haina ghorofa. Mlango wa mbele una ngazi 6, kila moja sentimita 15. Ukipanda, chuma cha kujishikia kiko mkono wa kulia. Mlango wa jikoni hauna ngazi: kuna njia ya simenti ya kupandia, urefu mita 2 na nusu, haina utelezi. Trisikle inafika mpaka mlango huo lakini haipiti ndani, mlango ni sentimita 78. Italala barazani pa jikoni, panafungwa kwa kufuli. Sakafu ya ndani ni simenti, haina vizingiti. Choo kiko nje, hatua 25, ni cha shimo, kuna kiti cha kukalia chenye mikono. Mahali pa kuogea ni nje, hatua 20, hapana kizingiti, kuna kiti. Usiku hakuna taa ya nje. Tutakupa tochi, na ndoo yenye kifuniko chumbani. Mvua ikinyesha njia ya choo ina matope. Kuna mwanamke wa kukusaidia ukimwita, mchana na usiku.”

Mama mwenye nyumba alisita juu ya ile sentensi ya matope. Alisema, “Tukiandika matope, wageni watakimbia.” Nilimpa asome mama wa trisikle. Akasema hiyo ndiyo iliyomfanya aiamini karatasi yote, kwa sababu mtu anayekwambia matope hawezi kukudanganya juu ya mlango.

Sentensi ya mwisho pia aliisahihisha yeye. Mwanzoni niliandika “vijana wa kukubeba wapo”. Akafuta. Akaandika kwa mkono wake, “mwanamke wa kukusaidia ukimwita”.

Mwaka huu alirudi, kwa mkutano wetu wa mwezi wa tatu. Alipita upande wa jikoni bila kuuliza mtu njia, akapanda mwenyewe, akasimamisha trisikle barazani, akashuka na kandambili zake viganjani. Tulikuwa bado tunapanga viti mbele, hatukumsikia. Tulimkuta ameshakaa kwenye mkeka, kikombe cha pili cha chai mkononi, anauliza kama kuna sukari nyingine.